Mauzo Mara Nne, Faida Shilingi 400

Katika Ads Manager, ule ukurasa wa Meta unaoonyesha matangazo yako ya Instagram na Facebook yamekwendaje, kuna safu moja inayotazamwa kuliko zote. Imeandikwa `Purchase ROAS`. Ikisomeka 4.00, maana yake ni kwamba kwa kila shilingi uliyolipia tangazo, mfumo umehesabu mauzo ya shilingi nne. Wenye maduka ya mtandaoni hupiga picha safu hiyo na kutumiana kwenye magrupu ya WhatsApp, na wanaofundisha namna ya kusponsa matangazo huionyesha kama cheti cha ufundi wao.

Hesabu iliyo nyuma ya safu hiyo ni nyepesi. Mauzo yaliyoletwa na tangazo yanagawanywa kwa pesa iliyolipwa kwa tangazo, basi. Haijui mkoba uliununua bei gani Guangzhou, kago walikutoza kiasi gani, boda alilipwa ngapi kwenda Mbezi, wala haijui habari za mteja aliyezima simu mzigo ukiwa umeshafika getini kwake. Ndiyo maana maduka mawili yenye ROAS ileile ya 4 yanaweza kumaliza mwezi moja likiwa na pesa ya kuagiza mzigo mpya na lingine likikopa ya kodi ya chumba.

Ninaandika haya kwa sababu nimeona maduka mazuri, yenye bidhaa nzuri na wateja wanaoyapenda, yakifungwa huku mwenyewe akishangaa: oda zilikuwa nyingi, tangazo lilikuwa linafanya kazi, pesa imekwenda wapi? Mara nyingi pesa haikuibwa na mtu. Iliondoka kidogokidogo katika gharama ambazo hakuna aliyezikusanya mahali pamoja.

Tuchukue mfano wa duka dogo la mikoba ya kike Dar es Salaam. Lina ukurasa wa Instagram, namba ya WhatsApp, na stoo ambayo ni chumba kimoja Sinza. Bei ya mkoba ni Sh65,000 na tangazo linasema "tunakuletea bure ulipo". Mteja analipa akishaupokea. Takwimu nitakazotumia ni za mfano, lakini mpangilio wake ni wa kila siku kwa anayefanya biashara hii.

Duka la namna hii halina tovuti, na hilo lina maana katika hesabu. Mwenye tovuti anaweza kuweka Pixel, kipande cha programu kinachomjulisha Meta kila mteja anapolipa, na ROAS ikajitokeza yenyewe kwenye safu. Anayeuza kwa WhatsApp haipati. Kwake Meta huona mazungumzo yaliyoanzishwa tu, yale yanayoandikwa `Messaging conversations started`, na kilichoendelea baada ya "habari, bei gani?" hakionekani. Kwa hiyo mwenye duka hujihesabia mwenyewe: oda alizoandika daftarini, mara bei ya mkoba, gawa kwa pesa ya tangazo. Njia ni mbili, lakini kasoro ni ileile, kwa sababu zote mbili zinaanza na mauzo.

Mkoba umefika kwa shilingi ngapi

Ukimuuliza mwenye duka amenunua mkoba bei gani, atakujibu haraka: Sh22,500. Hiyo ndiyo bei aliyokubaliana na muuzaji wa China, na ndiyo iliyomkaa kichwani kwa sababu aliipigania. Lakini mkoba wa Sh22,500 uko Guangzhou. Mteja wa Sinza hauziwi mkoba ulioko Guangzhou.

Aliagiza mikoba 60, kwa hiyo malipo ya muuzaji yalikuwa Sh1,350,000. Kago na kutoa mzigo vilimgharimu Sh348,000. Ajenti aliyemnunulia na makato ya kutuma pesa vilikuwa Sh70,000. Gari la kuchukua mzigo kutoka ghala la kago hadi Sinza lilikuwa Sh30,000. Jumla yake ni Sh1,798,000. Alipofungua maboksi, mikoba miwili ilikuwa na zipu zilizong'oka, haiuziki. Hapo ndipo wengi hugawa kwa 60 kwa sababu waliagiza 60. Sahihi ni kugawa kwa 58, kwa kuwa mikoba 58 inayouzika ndiyo itakayorudisha pesa yote, pamoja na ya ile miwili mibovu.

Sh1,798,000 gawa kwa 58 ni Sh31,000. Hiyo ndiyo bei halisi ya mkoba ukiwa rafuni. Kati ya Sh22,500 na Sh31,000 kuna Sh8,500, na kila mkoba unaouzwa unaondoka nazo, mwenye duka azione asizione. Ninakaa hapa kwa makusudi kwa sababu kosa la hapa halirekebishiki mbele. Ukianza na Sh22,500, kila hesabu itakayofuata itakuwa ya uongo kwa Sh8,500 kwa kila mkoba, hata ukiifanya kwa uangalifu kiasi gani.

Na bei hii haikai milele. Mzigo unaofuata unaweza kuja kwa ndege badala ya meli kwa sababu Eid imekaribia, au shilingi ikawa imeshuka dhidi ya yuan. Kila shehena ipewe hesabu yake, na tarehe yake iandikwe pembeni.

Mwezi wa ROAS ya 4

Mwezi huo Ads Manager ilionyesha `Amount spent` ya Sh520,000 ukiibadili kutoka dola. Daftari lilikuwa na oda 32. Mara Sh65,000, hiyo ni Sh2,080,000. Gawa kwa Sh520,000 na unapata 4 kamili. Mwenye duka, akitumia ile bei yake ya Sh22,500, alijihesabia hivi: mauzo Sh2,080,000, toa tangazo Sh520,000, toa mikoba 32 kwa Sh720,000, faida Sh840,000. Kwa biashara ya chumba kimoja, huo ni mwezi mzuri sana.

Sasa tuufuatilie mwezi huohuo kupitia pesa iliyoingia mkononi.

Kati ya oda 32, tano hazikulipwa. Mmoja hakupokea simu, mwingine alisema amesafiri, wengine walifungua kifurushi wakasema rangi si ile waliyoiona kwenye picha. Anayeuza kwa malipo ya mlangoni anawajua wateja hawa. Zilizolipwa ni 27. Na si zote zilizolipwa Sh65,000, kwani kuna aliyeomba apunguziwe, kuna aliyechukua miwili akapewa bei ya rafiki. Ukigawanya pesa yote iliyoingia kwa mikoba iliyolipiwa, wastani ulikuwa Sh63,000. Kwa hiyo pesa iliyoingia ni Sh1,701,000, si Sh2,080,000. Hatujagusa gharama hata moja, na tayari Sh379,000 zimetoweka kwa sababu hazikuwahi kuwapo. Zilikuwa ahadi.

Gharama sasa. Mikoba 27 kwa Sh31,000 ni Sh837,000. Ile mitano iliyorudi iko stoo, bado ni mali, hatuihesabu. Mifuko na karatasi za kufungia ni Sh1,500 kwa kila oda, na zilitumika kwa oda zote 32, maana kifurushi kilichokwenda kikarudi hurudi kimechanika. Hiyo ni Sh48,000. Boda analipwa Sh5,000 kwa wastani kwa kila safari iliyofanikiwa, kwa hiyo safari 27 ni Sh135,000. Safari tano zilizoshindikana zililipwa Sh5,000 ya kwenda na Sh3,000 ya kurudisha, jumla Sh40,000. Makato ya kupokea na kutoa pesa za simu yalikuwa kama Sh1,000 kwa kila malipo, Sh27,000.

Jumla ya gharama zote hizo ni Sh1,087,000. Ukizitoa kwenye Sh1,701,000 zinabaki Sh614,000. Hii ndiyo pesa iliyobaki ya kulipia tangazo.

Tangazo lenyewe halikuwa Sh520,000. Kiasi kinachoonyeshwa kwenye `Amount spent` hakijaongezwa kodi. Juu yake huja Kodi ya Ongezeko la Thamani, ile tunayoiita VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni 18%. Duka dogo ambalo halijasajiliwa kwa VAT halina pa kuidai kodi hiyo, kwa hiyo ni gharama kama gharama nyingine. Asilimia 18 ya Sh520,000 ni Sh93,600. Tangazo limekula Sh613,600. Tena hapo nimeacha tofauti ya kubadilisha dola, ambayo benki hujichukulia wakati kadi inapokatwa. Njia salama ni kuacha kabisa kusoma matumizi ya tangazo kwenye Ads Manager na kuyasoma kwenye taarifa ya kadi au ya benki. Kiasi kilichokatwa pale ndicho ulicholipa.

Sh614,000 toa Sh613,600. Zimebaki Sh400.

Hizo Sh400 ndizo zitakazolipa kodi ya chumba cha Sinza, bando la intaneti, binti anayejibu meseji hadi saa nne usiku, na mwenye duka mwenyewe. Mwezi wa ROAS ya 4, ambao daftari lilisema una faida ya Sh840,000, haukuacha hata nauli ya daladala.

ROAS ya kutoka sare

Swali ambalo mwenye duka anapaswa kulijibu kabla ya kuweka tangazo ni hili: kwa duka langu, ROAS ikiwa ngapi ninatoka sare, sipati wala sipotezi? Namba hiyo haipatikani kwa jirani wala kwa mwalimu wa mtandaoni, kwa sababu inatoka kwenye gharama zako. Hupatikana kwa kugawa pesa iliyoingia kwa pesa iliyobaki baada ya kutoa gharama zote isipokuwa tangazo. Katika jedwali la kompyuta au simu, ukiweka pesa iliyoingia kwenye kisanduku B2 na gharama zote zisizo za tangazo kwenye B3, inakuwa hivi:

```
=B2/(B2-B3)
```

Kwa mwezi wetu ni Sh1,701,000 gawa kwa Sh614,000, yaani 2.77. Kila shilingi 2.77 inayoingia inabakiza shilingi moja ya kulipia tangazo. Tangazo likileta pungufu ya hapo, kila mkoba unaouzwa unamega mtaji.

Hapa wengi hujikwaa mara ya pili, na ni kosa la watu makini, si la wavivu. Mtu anahesabu vizuri, anapata 2.77, kisha anaangalia ROAS yake ya 4 na kupumua: niko juu kwa mbali. Lakini tumeona kwamba kwa ROAS hiyo ya 4 alibaki na Sh400 tu. Inawezekanaje? Ni kwa sababu amepima kwa pishi mbili tofauti. Ile 2.77 imepimwa kwa pesa iliyoingia na tangazo lililolipwa pamoja na kodi. Ile 4 imepimwa kwa oda za daftarini, kwa bei kamili, juu ya tangazo lisilo na kodi. Ukiipima ROAS kwa kipimo cha pesa halisi, Sh1,701,000 gawa kwa Sh613,600, nayo inakuwa 2.77. Alikuwa amesimama juu ya mstari wenyewe wa sare.

Kwa hiyo kama unapenda kuendelea kusoma ROAS ya daftari au ya Ads Manager, kwa sababu ni rahisi na inaonekana kila siku, fanya hivyo, lakini ujue kwa duka hili sare yake ni 4, si 2.77. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni oda zilizokataliwa, punguzo, na kodi.

Kwa duka lenye bidhaa nyingi, sare ni moja kwa kila bidhaa au kundi la bidhaa. Mkoba wa Sh65,000 na pochi ndogo ya Sh18,000 havina hesabu moja, hasa kwa sababu boda hulipwa Sh5,000 ileile kwa vyote viwili. Kwa pochi hiyo, boda peke yake anachukua zaidi ya robo ya bei. Tangazo la pochi linaweza kuwa na ROAS ya juu na bado likawa ndilo linalotoboa mfuko.

ROAS ikishuka, faida ikapanda

Tuseme mwezi uliofuata mwenye duka hakugusa tangazo. Aliacha kiasi kilekile, picha zilezile. Alichobadilisha ni jambo moja: mteja anatuma kwanza Sh5,000 ya boda, na hazirudishwi akikataa mzigo. Mkoba wenyewe bado analipia mlangoni.

Baadhi ya watu walikimbia. Oda zilishuka kutoka 32 hadi 28. Ukizihesabu kwa njia ya daftari, ni Sh1,820,000 gawa kwa Sh520,000, ROAS 3.5. Anayetazama namba hiyo pekee angesema tangazo limechoka, abadilishe picha, au arudishe "tunakuletea bure" haraka.

Lakini waliokimbia wengi ni walewale ambao wasingelipa. Kati ya oda 28, moja tu ilikataliwa, na 27 zikalipwa kama mwezi uliopita. Pesa ya mikoba iliyoingia ni Sh1,701,000 ileile, na gharama ya mikoba ni Sh837,000 ileile. Ufungaji ni Sh42,000 kwa oda 28. Makato ya simu yalibaki kama Sh27,000. Boda amelipwa na wateja, isipokuwa Sh3,000 ya kurudisha ule mmoja. Jumla ya gharama ni Sh909,000. Kabla ya tangazo zimebaki Sh792,000, toa tangazo Sh613,600, faida ni Sh178,400.

ROAS imeshuka kwa nusu pointi, na faida imetoka Sh400 hadi Sh178,400. Sidai kwamba kila duka likiomba pesa ya boda mapema litapata matokeo hayo. Pengine kwako watakimbia wengi zaidi, hasa kama washindani wa bidhaa ileile wanapeleka bure. Ninachotaka kionekane ni kwamba badiliko kama hili haliwezi kupimwa kwa ROAS hata kidogo. Linapimwa kwa pesa iliyobaki. Na mwenye kutazama ROAS peke yake angelikataa mwezi huohuo lililomletea pesa.

Sare yake nayo imeshuka. Sh1,701,000 gawa kwa Sh792,000 ni 2.15. Maana yake duka sasa linaweza kuvumilia tangazo dhaifu zaidi na bado likapata. Kila gharama unayoipunguza nje ya tangazo, iwe ya kago, ya ufungaji au ya safari za bure za boda, inakusogezea mstari huo chini.

Kuongeza bajeti

Baada ya mwezi wenye faida, wazo la kwanza la kila mtu ni kuongeza pesa ya tangazo. Kama Sh520,000 zimeleta Sh178,400, basi nikiongeza nusu yake nitapata zaidi ya Sh250,000. Hivi ndivyo hesabu ingekuwa kama wateja wote wangefanana.

Hawafanani. Mfumo wa matangazo hujitahidi kuanza na watu wanaoelekea kununua kwa urahisi zaidi, na bajeti ikiongezwa lazima uwafikie wengine wasio tayari kiasi hicho, au uwaonyeshe walewale tangazo mara nyingi zaidi. Kila mteja wa nyongeza huwa ghali kuliko aliyemtangulia.

Tuseme aliongeza Sh260,000, ambazo pamoja na VAT ni Sh306,800. Oda zilizolipwa zikatoka 27 hadi 36. Kwa utaratibu mpya, kila oda iliyolipwa inabakiza takriban Sh29,300 kabla ya tangazo, kwa hiyo oda tisa za nyongeza zilileta Sh264,000. Pesa iliyozileta ni Sh306,800. Zile oda tisa zimemtia hasara ya Sh42,800, na faida ya mwezi imeshuka kutoka Sh178,400 hadi Sh135,600.

Ubaya wa hasara hii ni kwamba imejificha ndani ya wastani mzuri. ROAS ya mwezi mzima, kwa pesa halisi, ni 2.46, bado iko juu ya sare ya 2.15. Duka lina kazi zaidi, boda wanapishana, meseji zimejaa, namba ya wastani inaonyesha usalama, na pesa imepungua. Ukitaka kuiona hasara hiyo, usitazame ROAS ya mwezi mzima. Tazama ya nyongeza: pesa iliyoongezeka gawa kwa tangazo lililoongezeka. Hapa ni Sh567,000 gawa kwa Sh306,800, yaani 1.85, chini ya mstari.

Ndiyo maana ni busara kupandisha bajeti kwa hatua ndogo, na kila hatua ikae muda wa kutosha hadi oda zake zilipwe au zikataliwe. Ukihukumu siku ya pili, unahukumu oda ambazo boda bado anazo begani. Kwa duka la malipo ya mlangoni, wiki moja haijaisha kweli hadi siku kadhaa baadaye, wateja wa "nitakupigia mwisho wa mwezi" wakishajulikana.

Mauzo haya ni ya nani

Kuna jambo jingine kwa wenye tovuti na Pixel. Meta kwa kawaida hujihesabia mauzo ya mtu aliyebofya tangazo ndani ya siku 7 zilizopita, au aliyeliona tu bila kubofya ndani ya siku 1. Mteja wako wa zamani ambaye angenunua leo hata bila tangazo, akilipitia asubuhi na kununua jioni, anaingia kwenye ROAS. Kama ulitangaza Google pia, naye mteja akabofya kote kuwili, mauzo hayo yanaweza kudaiwa mara mbili, na ukijumlisha madai hayo unapata mauzo mengi kuliko uliyouza.

Dawa isiyo na teknolojia yoyote ni kuchukua pesa yote iliyoingia dukani kwa mwezi, kutoka popote, na kuigawa kwa pesa yote ya matangazo. Namba hii haimjui mteja aliyeletwa na nani, lakini haiwezi kuhesabu mauzo ambayo hayakuwapo. Ikiwa Ads Manager inasema ROAS imepanda kutoka 3 hadi 5 huku namba hii ya duka zima imesimama palepale, tangazo linavuna wateja ambao tayari walikuwa wako. Hutokea sana kwa matangazo yanayolenga watu waliowahi kutembelea ukurasa au tovuti: ROAS yake hung'aa, lakini ukiyazima wiki mbili katika kipindi cha kawaida, mbali na sikukuu na mwisho wa mwezi, mauzo ya duka hayatikisiki.

Kwa anayeuza kwa WhatsApp, swali moja kwenye mazungumzo linatosha: "Umetupatia wapi?" Jibu liandikwe pembeni ya oda, pamoja na kama namba hiyo ya simu imewahi kununua.

Na hiyo namba ya simu ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Kuna wafanyabiashara ambao kwa makusudi hukubali kutoka sare, au hata kupoteza kidogo, kwenye oda ya kwanza, wakitegemea mteja arudi bila kulipiwa tangazo tena. Kwa anayeuza mafuta ya nywele au nepi, hiyo inaweza kuwa hesabu nzuri sana, kwa sababu chupa huisha na mtoto hukua polepole. Kwa mikoba ni hatari zaidi. Lakini hakuna haja ya kubuni. Chukua namba za simu za wateja wa miezi sita iliyopita, zipange kwa mfuatano, uone ngapi zimejitokeza zaidi ya mara moja. Kama kati ya wateja 100 walioletwa na tangazo 20 wamerudi kununua, na kila kurudi kumeacha Sh29,300, basi kila mteja mpya anastahili kuongezewa wastani wa Sh5,860 juu ya kile alichoacha oda ya kwanza, na unaweza kulipa tangazo kiasi hicho zaidi kumpata. Kama waliorudi ni wawili, nyongeza hiyo haifiki hata Sh600. Haimlipi boda safari moja, na oda ya kwanza italazimika kujilipia yenyewe.